Mavuno hadi kuiva ya hatifungani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vikundi vya akiba Lamu

Maswali haya yametoka kwa wanachama wa vikundi vya akiba hapa Lamu, wengi wao wa Langoni na Mkomani, ambao wameanza kuziangalia hatifungani za serikali badala ya kuacha pesa za kikundi zikae tu benki. Wengi wamefungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu ya Kenya na wanajua kusoma tangazo la mauzo. Kinachowakwamisha ni pale wanapoletewa hatifungani ya mkono wa pili, yenye bei yake na kuponi yake, na hawajui kwa hakika itawalipa asilimia ngapi.

Ukurasa mzima unafuata mfano mmoja. Kikundi kimeletewa hatifungani yenye thamani ya shilingi 100,000. Kuponi yake ni asilimia 12 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili: shilingi 6,000 kila nusu mwaka. Zimebaki kuponi sita, yaani kama miaka mitatu. Kuponi iliyotangulia imelipwa leo hii kwa mwenye hati. Muuzaji anataka shilingi 94,000.

Kuponi ni asilimia 12. Mbona tusiseme tu kwamba mapato yetu ni asilimia 12?

Kwa sababu asilimia 12 inahesabiwa juu ya 100,000, na nyinyi hamtoi 100,000. Mnatoa 94,000, na siku ya kuiva mtarudishiwa 100,000 kamili. Ile 6,000 ya ziada ni mapato pia, ila yanakuja mara moja, mwishoni.

Wengine hugawanya kuponi ya mwaka kwa bei: 12,000 kwa 94,000, wapate asilimia 12.77. Hapo wamesogea, maana sasa wanahesabu juu ya pesa waliyotoa kweli, lakini ile 6,000 ya mwisho bado wameiacha nje.

Mavuno hadi kuiva yanaingiza vyote viwili. Ni kiwango kimoja cha riba ambacho, ukikitumia kurudisha kila malipo yajayo kwenye thamani yake ya leo, jumla inakuwa sawasawa na bei unayolipa. Katika mfano wetu tunatafuta kiwango kitakachofanya kuponi sita za 6,000 pamoja na 100,000 ya mwisho ziwe na thamani ya leo ya 94,000. Basi ni hicho tu. Mengine yote yaliyomo humu ni njia za kukifikia.

Kwa nini tukisie? Hakuna fomula ya kutupa jibu moja kwa moja?

Hakuna, kwa hatifungani yenye kuponi nyingi. Kiwango tunachokitafuta kimo ndani ya kila malipo: malipo ya kwanza yanagawanywa nacho mara moja, ya pili mara mbili, na kuendelea hadi ya sita. Huwezi kukitoa humo kwa kuhamisha namba upande huu na upande ule. Njia iliyopo ni kuchagua kiwango, kukokotoa bei, kuilinganisha na bei halisi, kisha kusahihisha. Nahodha anayeingia mlango asioujua hushusha bildi, akasoma kina, akasogea, akashusha tena. Nasi tutafanya vivyo hivyo, tukiongozwa na kanuni moja.

Kanuni ni hii: kiwango kikipanda, bei inashuka. Ukikisia kiwango ukapata bei iliyo juu ya 94,000, kisio lako ni dogo, lipandishe. Ukipata bei iliyo chini, kisio ni kubwa, lishushe. Kila jaribio linakuambia uelekee wapi, kwa hivyo si bahati nasibu hata kidogo.

Tuanzie na kisio gani?

Unaweza kuanza na chochote, lakini kuna kisio zuri linalopatikana kwa kalamu. Chukua kuponi ya mwaka, 12,000. Ongeza sehemu ya mwaka mmoja ya ile faida ya mwisho: 6,000 kwa miaka 3 ni 2,000. Jumla ni 14,000. Gawanya kwa wastani wa bei na thamani ya hati, yaani 97,000. Unapata asilimia 14.43 kwa mwaka.

Kuponi zetu ni za nusu mwaka, basi ligawe mara mbili: asilimia 7.2 hivi kwa kila nusu mwaka. Jibu liko jirani na hapo. Kwa kazi ya mkono napenda kuanza na namba nyepesi, kwa hiyo tuanze na asilimia 7.

Tuonyesheni jaribio moja lote, hatua kwa hatua.

Kwa asilimia 7, malipo ya kwanza yanagawanywa kwa 1.07, ya pili kwa 1.07 mara 1.07, ya tatu kwa 1.07 mara 1.07 mara 1.07, na kadhalika. Kwenye kikokotoo cha simu ni rahisi: andika 6,000, gawanya kwa 1.07, nakili jibu, kisha gawanya jibu hilohilo kwa 1.07 tena, na tena.

Kuponi ya kwanza inakuwa 5,607. Ya pili 5,241. Ya tatu 4,898. Ya nne 4,577. Ya tano 4,278. Malipo ya sita ni 106,000, kwa kuwa kuponi ya mwisho inakuja pamoja na mtaji, na thamani yake ya leo ni 70,632. Jumla ni 95,233.

Hiyo imezidi 94,000, kwa hivyo asilimia 7 ni ndogo. Tupande hadi 7.5 na turudie kazi ileile. Jumla inatoka 92,959. Sasa imepungua kuliko 94,000, kwa hivyo 7.5 ni kubwa. Jibu limebanwa katikati ya 7 na 7.5, na kazi ngumu imekwisha.

Kosa ninaloliona zaidi hapa ni kusahau mtaji kwenye malipo ya mwisho, au kuuhesabu kama malipo ya saba. Ukipata jumla isiyofika 30,000, umeusahau. Njia nzuri ya kujipima kabla ya kuanza ni kujaribu kiwango kilicho sawa na kuponi yenyewe, hapa asilimia 6 kwa nusu mwaka. Lazima upate 100,000 kamili. Usipopata, mpangilio wako una kasoro, na usiendelee mpaka uione.

Tukishalibana jibu katikati, tunaendelea kukisia mpaka lini?

Si lazima ukisie ovyo tena, gawanya pengo. Kutoka asilimia 7 hadi 7.5, bei imeshuka kwa 2,274 (95,233 toa 92,959). Sisi tunataka ishuke kwa 1,233 tu (95,233 toa 94,000). Hiyo ni sehemu 0.542 ya njia. Sehemu 0.542 ya nusu asilimia ni 0.271. Basi jibu ni karibu asilimia 7.271.

Lithibitishe. Ukiweka 7.27, bei inatoka 93,997, tofauti ya shilingi 3 tu na bei tunayoitaka. Jibu lenyewe, likisogezwa zaidi, ni asilimia 7.269 kwa nusu mwaka. Zidisha kwa mbili: asilimia 14.54 kwa mwaka.

Angalia kwamba kugawanya pengo kumetupa 7.271, juu kidogo ya jibu la kweli. Itakuwa hivyo siku zote kwa hatifungani ya kawaida, kwa sababu bei haishuki kwa mstari ulionyooka. Inashuka kwa kasi mwanzoni kisha inapoa. Mstari tuliouvuta kati ya nukta mbili unapita juu ya njia halisi ya bei. Kadiri visio vyako viwili vinavyokaribiana, ndivyo kosa linavyopungua. Ukiwa umekisia asilimia 5 na asilimia 10, usitosheke na mgawanyo mmoja. Fanya jaribio jingine katikati kwanza.

Kwa kikundi kinacholinganisha hatifungani mbili, mimi huona inatosha bei ikikaribia ndani ya shilingi 10 kwa kila 100,000.

Kwenye lahajedwali tunaandika nini?

Kama umenunua siku kuponi ilipolipwa, kama katika mfano wetu, tumia RATE:

```
=RATE(6,6000,-94000,100000)*2
```

Sita ni idadi ya kuponi zilizobaki. 6,000 ni kuponi ya nusu mwaka. 94,000 ina alama ya kutoa kwa sababu ni pesa inayotoka mfukoni mwenu, ilhali kuponi na 100,000 zinaingia. Kuzidisha kwa mbili kunageuza kiwango cha nusu mwaka kuwa cha mwaka. Jibu ni 14.54%. Kama seli inakuonyesha 15% au 0.15, ibadilishe muundo iwe asilimia yenye desimali mbili. Hesabu iko sawa, ni muonekano tu.

Fomula hii inafanya kazi Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc. Kwenye baadhi ya kompyuta, mpangilio wa nchi hudai nukta-mkato badala ya koma kati ya namba. Ikikataa koma, jaribu hiyo kwanza.

RATE inalipataje jibu wakati mmesema hakuna fomula?

Inakisia na kusahihisha, kama tulivyofanya. Excel huanza na kisio la asilimia 10 usipoipa jingine, na ikirudia mara 20 bila majibu yake kutulia inakuletea `#NUM!`.

Kwa hatifungani ya kawaida, `#NUM!` karibu kila mara inamaanisha alama zimekosewa: umeandika 94000 bila kutoa, kwa hivyo kompyuta inaona pesa zote zinaingia na hakuna inayotoka. Hakuna kiwango cha riba kinachoweza kueleza hali hiyo.

Nimeandika RATE nikapata 14.61% badala ya 14.54%. Nimekosea wapi?

Bila shaka umeandika hivi:

```
=RATE(3,12000,-94000,100000)
```

Hapo umeiambia kompyuta kwamba kuponi inalipwa mara moja kwa mwaka, 12,000 kila mwisho wa mwaka. Hiyo ni hatifungani nyingine. Tofauti ni ndogo, na ndiyo maana ni kosa la hatari: jibu halishtui mtu. Hatifungani za serikali ya Kenya hulipa kuponi kila baada ya miezi sita, kwa hivyo hesabu vipindi vya nusu mwaka, kisha zidisha kwa mbili mwishoni.

Makosa makubwa hujifichua yenyewe. Ukiandika 6 na 12000 bila kuigawa kuponi, utapata jibu karibu mara mbili ya lililotarajiwa. Kipimo cha haraka cha kukumbuka: bei ikiwa chini ya thamani ya hati, mpangilio lazima uwe kuponi ndogo kabisa, kisha kuponi kugawanya kwa bei, kisha mavuno hadi kuiva. Hapa ni 12, 12.77 na 14.54. Bei ikiwa juu ya thamani ya hati, mpangilio unageuka. Jibu lisilofuata mpangilio huu lina kosa ndani yake.

Na tukinunua katikati, siku ambayo si ya kuponi?

Hapo RATE haitoshi, maana kipindi cha kwanza ni kipande tu. Tumia YIELD, inayosoma tarehe. Kwanza tuione ikithibitisha mfano wetu, tukichukua kwamba tunalipa tarehe 16 Machi 2026 na hati inaiva tarehe 16 Machi 2029:

```
=YIELD(DATE(2026,3,16),DATE(2029,3,16),12%,94,100,2,0)
```

Jibu ni lilelile, 14.54%. Tofauti na RATE, hapa bei na mtaji huandikwa kwa kila 100 ya thamani ya hati, kwa hivyo 94 wala si 94000, na hakuna alama ya kutoa. Ile 2 ni kuponi mbili kwa mwaka. Ile 0 ya mwisho ni namna ya kuhesabu siku. Tumia DATE badala ya kuandika tarehe kwa mkono. Ukiandika 3/4/2026, kompyuta moja itasoma Aprili na nyingine Machi, na hutaonywa.

Sasa kuhusu katikati. Tuseme nusu ya kipindi imepita, siku 91 kati ya 182. Kuponi ijayo ya 6,000 itaingia kwenu yote, ingawa nusu yake imekusanyika wakati hati ikiwa mikononi mwa muuzaji. Naye atataka alipwe hiyo 3,000. Kwa hivyo mkikubaliana 94,000, pesa mtakayotuma ni 97,000: bei safi pamoja na riba iliyolimbikizwa.

YIELD inataka bei safi, kwa sababu riba iliyolimbikizwa inaihesabu yenyewe. Ukiipa 94 itakujibu karibu asilimia 14.7. Ukiipa 97, jumla uliyotuma, itaongeza 3 nyingine juu yake na kukujibu karibu asilimia 13.3. Pointi 1.4 zimepotea kwa kuandika namba isiyo yake, na kikundi kinaweza kuiacha hati nzuri kwa sababu hiyo. Kabla ya yote, muulize dalali: bei uliyonitajia ina riba iliyolimbikizwa ndani yake au haina? Msiendelee kabla hajajibu waziwazi.

Tarehe kwenye hati yetu haziangukii tarehe moja kila miezi sita. Je, YIELD inakosea?

Mmeona vizuri. Kuponi za hatifungani za Kenya hufuata siku 182 kamili, yaani wiki 26, na ndiyo maana huangukia siku ileile ya wiki. Vipindi viwili ni siku 364. Hatifungani yenye vipindi sita kuanzia 16 Machi 2026 itaiva 12 Machi 2029, siku nne kabla ya miaka mitatu kutimia. YIELD haijui hilo. Yenyewe hurudi nyuma kutoka tarehe ya kuiva kwa miezi sita-sita.

Kwa hati fupi kama yetu tofauti haifiki mahali pa kubadilisha uamuzi. Kwa hati iliyobakiza miaka 10, siku hizo zimefika kumi na kitu, na YIELD inaweza kudhani kuponi imeshalipwa ilhali bado siku chache. Hapo orodhesha tarehe halisi kwenye safu A na pesa kwenye safu B, ukianza na malipo yenu yote, pamoja na riba iliyolimbikizwa, yakiwa na alama ya kutoa. Kisha:

```
=XIRR(B1:B7,A1:A7)
```

Kwa mfano wetu, tarehe zikiwa 16 Machi 2026, 14 Septemba 2026, 15 Machi 2027, 13 Septemba 2027, 13 Machi 2028, 11 Septemba 2028 na 12 Machi 2029, XIRR inajibu karibu asilimia 15.1. Msishtuke. XIRR inahesabu riba juu ya riba ndani ya mwaka, na 14.54 ni kiwango cha nusu mwaka kilichozidishwa kwa mbili tu. Pesa ni zilezile. La muhimu ni kwamba mkilinganisha hati mbili, zote zipimwe kwa fomula moja. Soko hutaja mavuno kwa mtindo wa kuzidisha kwa mbili, kwa hivyo msilinganishe XIRR yenu na namba ya dalali.

Kuna njia ya kuona kisio likifanya kazi, badala ya kupewa jibu tu?

Ipo, na ndiyo ninayowafundishia waweka hazina. Weka kisio kwenye B1, kwa mfano 7%, na kwenye B2 andika:

```
=PV(B1,6,-6000,-100000)
```

B2 itaonyesha 95,233, bei ileile tuliyoipata kwa mkono. Badilisha B1 iwe 7.5%, bei inashuka mbele ya macho yako. Ukichoka kubadilisha, Excel ina Goal Seek, chini ya Data kisha What-If Analysis. LibreOffice Calc inayo kwenye Tools. Iambie B2 iwe 94000 kwa kubadilisha B1, na B1 itasimama kwenye 7.269%. Mtu aliyeiona bei ikipanda na kushuka hivi hasahau tena kwa nini hatifungani yake inashuka bei riba za soko zinapopanda.

Je, kweli tutapata 14.54% mkononi?

Mkiishika hadi kuiva, kuponi sita na 100,000 zitakuja kama zilivyoandikwa. Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza ni kodi ya zuio, inayokatwa kwenye kuponi kabla haijawafikia. Kiwango chake hutegemea aina na muda wa hati, na kimeandikwa kwenye tangazo la mauzo. Kikiwa asilimia 15, kuponi ya 6,000 inabaki 5,100:

```
=RATE(6,5100,-94000,100000)*2
```

Jibu ni 12.67%. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na akaunti ya benki, nayo ikiwa imeshakatwa kodi yake. Ongezeni pia ada ya dalali kwenye ile 94,000 kabla ya kukokotoa.

La pili: 14.54 inachukulia kwamba kila kuponi ikiingia mnaiwekeza tena kwa kiwango hichohicho. Kikundi kinachogawana kuponi kila Septemba na Machi hakijapoteza kitu, pesa zimetumika, lakini wasitarajie mwishoni jumla ya aliyeziwekeza tena.

Sheikh wetu anasema kuponi ni riba. Tufanyeje?

Hilo lina wenyewe, na Lamu hatujakosa wanazuoni wa kuliuliza. Kuponi ya hatifungani ya kawaida ni malipo juu ya mkopo, na sitawapindishia maneno. Ninachoweza kusema kwa upande wa hesabu ni kwamba njia hii haibagui: mkiletewa sukuk yenye malipo yanayotarajiwa na tarehe zake, XIRR itawapa kiwango cha mapato kwa bei mnayolipa. Ila kwa sukuk malipo hutegemea mali iliyo nyuma yake, basi namba hiyo isomwe kuwa ni matarajio.